Kabla Hujanukuu Makala ya Maoni: Jinsi ya Kutenga Dai, Ushahidi na Upendeleo

Kosa ni lile lile, insha baada ya insha. Mwanafunzi anachukua sentensi moja kutoka ukurasa wa maoni, anaifungia ndani ya alama za nukuu, kisha anaandika: "kama gazeti linavyothibitisha". Gazeti halikuthibitisha kitu. Mtu mmoja alitoa maoni yake na mhariri akampa nafasi.

Kosa la pili ni baya zaidi, kwa sababu mwenyewe halioni. Mwanafunzi ananukuu sentensi ambayo mwandishi aliiweka ili aipinge baadaye, akidhani huo ndio msimamo wake. Msahihishaji aliyeisoma makala hiyo atajua papo hapo kwamba hukuimaliza.

Mwongozo huu unafuata makala moja tangu mwanzo hadi inapoingia katika insha. Tenga saa moja na nusu kwa makala ya kwanza. Ukishazoea, nusu saa itatosha.

## Unachohitaji

- Makala nzima, iliyochapishwa au kupigwa fotokopi, ikiwa na kichwa, jina la mwandishi, tarehe, ukurasa na maelezo mafupi ya mwandishi ambayo kwa kawaida huwa chini kabisa.
- Kalamu tatu za rangi: nyekundu ya dai, bluu ya ushahidi, kijani ya upendeleo.
- Penseli.
- Karatasi moja tupu.
- Swali la insha yako, likiwa limeandikwa juu ya karatasi hiyo.

Tahadhari: usifanyie kazi picha ya skrini uliyotumiwa kwenye WhatsApp. Mara nyingi huwa imekatwa, na kinachokatwa kwanza ni yale maelezo ya mwandishi yaliyo chini, ambayo utayahitaji sana katika Hatua ya 6. Kama gazeti limepita siku nyingi, litafute kwenye tovuti ya gazeti lenyewe au katika maktaba inayohifadhi magazeti ya zamani, kama vile McMillan iliyo Mtaa wa Banda, Nairobi.

## Makala tutakayoichambua

Aya ifuatayo tumeitunga kwa ajili ya zoezi hili. Mwandishi wake hayupo, lakini mtindo wake utaukuta katika ukurasa wowote wa maoni mjini Nairobi. Kichwa chake ni "Matatu zifukuzwe mjini". Chini kumeandikwa: "Mwandishi ni mshauri wa masuala ya uchukuzi." Sentensi tumezipa nambari.

> (1) Kila asubuhi Mtaa wa Tom Mboya hugeuka uwanja wa vita. (2) Honi, moshi na makanga wanaogombania abiria vimelifanya jiji letu kuwa aibu mbele ya wageni. (3) Juzi, nikiendesha gari langu kutoka Ngara hadi Railways, nilitumia dakika arobaini na tano. (4) Wataalamu wanakubaliana kwamba msongamano huu unaigharimu nchi mamilioni ya shilingi kila siku. (5) Ni kweli, wapo wanaosema kwamba abiria wa kipato cha chini wataumia wakilazimika kutembea kutoka vituo vya pembezoni. (6) Lakini Desemba 2018, kaunti ilipozizuia matatu kuingia katikati ya jiji, barabara zilikuwa wazi siku nzima. (7) Kwa hivyo kaunti haina budi kuzihamishia matatu zote katika vituo vya nje kabla ya mwaka kwisha. (8) Asiyelitaka hilo halitakii jiji hili mema.

## Hatua ya 1: Jua ni maandishi ya aina gani

Kabla ya kusoma, tazama kichwa cha ukurasa. Habari huandikwa na ripota. Tahariri ni msimamo wa gazeti lenyewe, na kwa kawaida haina jina la mtu. Safu ni ya mwandishi mmoja anayeandika kila wiki. Makala ya mgeni imetoka nje ya chumba cha habari. Barua ni ya msomaji. Yako pia maandishi yaliyolipiwa, na hayo huwa na neno dogo linalosema kwamba ni tangazo au yamedhaminiwa.

Sababu ya kuanza hapa ni moja: lazima ujue ni nani atakayetajwa katika nukuu yako. "Gazeti linasema" ni sahihi kwa tahariri pekee. Kwa safu, barua na makala ya mgeni, anayesema ni mtu.

Umefaulu ikiwa unaweza kuandika juu ya karatasi yako mstari mmoja kama huu: "Makala ya mgeni, anayesema ni mshauri wa uchukuzi, si gazeti."

## Hatua ya 2: Soma yote bila kalamu, kisha weka nambari

Soma mara moja hadi mwisho, mikono mitupu. Anayepiga mistari katika usomaji wa kwanza huishia kupigia mistari sentensi tamu, na sentensi tamu mara nyingi si dai wala si ushahidi. Katika makala yetu jicho linanaswa na "uwanja wa vita", ilhali sentensi hiyo haina hoja ndani yake.

Ukimaliza, chukua penseli uweke nambari. Makala fupi, wekea kila sentensi. Makala ya ukurasa mzima, wekea kila aya, halafu sentensi za zile aya mbili au tatu unazodhani utazinukuu.

## Hatua ya 3: Tafuta dai kuu

Dai kuu ni jambo ambalo mwandishi anataka ulikubali au ulitende, na ambalo mtu mwingine mwenye akili timamu anaweza kulipinga. Tafuta maneno yanayolibeba: *kwa hivyo, haina budi, yafaa, ni lazima, wakati umefika*. Mara nyingi hukaa karibu na mwisho, ingawa waandishi wa safu hupenda kuliweka mapema.

Kwetu ni sentensi (7). Ipigie mstari mwekundu. Kisha iandike upya kwa maneno yako, ukitunza mipaka yake yote: *kaunti*, *matatu zote*, *vituo vya nje*, *kabla ya mwaka kwisha*. Mipaka hii ndiyo hupotea watu wanapofupisha. Ukiandika tu "mwandishi anataka matatu zipunguzwe mjini", umembebesha dai jepesi kuliko lake.

Hapa kuna mitego miwili.

Wa kwanza ni kichwa cha makala. Katika magazeti mengi kichwa hutungwa na mhariri, si mwandishi, na kazi yake ni kumvuta msomaji. Kichwa chetu kinasema "zifukuzwe". Sentensi (7) inasema "kuzihamishia". Hayo ni mambo mawili tofauti. Usinukuu kichwa kama msimamo wa mwandishi.

Wa pili ni sentensi ya kukiri, yaani pale mwandishi anapoitaja hoja ya wapinzani kabla ya kuijibu. Utaitambua kwa *ni kweli, wapo wanaosema, huenda, bila shaka*, na punde baada yake *lakini, hata hivyo, ila*. Sentensi (5) ni ya namna hiyo. Ukiinukuu kana kwamba mshauri huyu anawatetea abiria wa kipato cha chini, umemgeuza kichwa chini miguu juu. Izungushie penseli na uandike pembeni: "si yake".

Umefaulu ikiwa unaweza kulisema dai kwa sentensi moja, na mtu aliyesoma makala hiyo akakubali kwamba ndivyo.

## Hatua ya 4: Tenga ushahidi na uupime mmoja mmoja

Chukua kalamu ya bluu. Kwa kila sentensi iliyobaki uliza: je, hii inanipa sababu ya kukubali (7)? Kwetu zinabaki tatu, na kila moja ina uzito wake.

Sentensi (3) ni tajiriba ya mtu mmoja. Inawezekana kabisa ni kweli. Lakini ni safari moja, siku moja, na hatujui ilikuwa saa ngapi, wala kama kulikuwa na ajali au mvua. Tena hatuambiwi kwamba kilichomchelewesha ni matatu. Tajiriba huonyesha kwamba jambo linatokea. Haionyeshi linatokea mara ngapi wala kwa sababu gani.

Sentensi (4) ina idadi lakini haina mwenyewe. Wataalamu gani? Walipima lini? "Mamilioni" ni mawili au mia tisa? Ushahidi wa aina hii usiunukuu hata siku moja kabla ya kuupata ulikotoka. Makala ikitaja takwimu, rudi kwa aliyehesabu. Kwa mfano, ukimkuta mwanasafu anaandika kwamba Nairobi ina zaidi ya watu milioni 4, hesabu hiyo ni ya sensa ya 2019, iliyopata watu 4,397,073. Katika insha taja Shirika la Kitaifa la Takwimu la Kenya, lililoendesha sensa hiyo, na kumbuka kutaja mwaka. Mwanasafu muache nje, kwa sababu hakuhesabu mtu. Na ukitafuta kwa nusu saa usiione takwimu hiyo mahali pengine popote ila katika makala, iache.

Sentensi (6) ni tukio la kweli linaloweza kuchunguzwa. Huu ndio ushahidi wenye nguvu kuliko yote hapa, na ndiyo maana unastahili kuchunguzwa zaidi. Fungua habari za siku zile, si maoni. Utakuta kwamba marufuku hiyo ilianza tarehe 3 Desemba 2018, wakati Mike Sonko akiwa gavana. Utakuta pia kwamba abiria wengi walilazimika kutembea mwendo mrefu kuingia mjini, na kwamba agizo lilisimamishwa kabla hata wiki haijaisha. Mwandishi wetu ametaja nusu ya tukio. Nusu nyingine iandike kwenye karatasi yako. Utaihitaji hivi punde.

Sentensi (1), (2) na (8) hazikupata bluu. Usilazimishe.

Dalili kwamba umekosea: makala nzima imegeuka bluu. Hapo umechanganya maelezo na ushahidi. Rudi kwa kila sentensi uifunike kwa kidole. Ikiwa dai linabaki na nguvu ile ile bila sentensi hiyo, haikuwa ushahidi.

## Hatua ya 5: Tafuta daraja lisiloandikwa

Hii ndiyo hatua ambayo wengi huiruka, na ndiyo inayotofautisha insha inayosimulia makala na insha inayoijadili. Ipe muda.

Kati ya ushahidi na dai huwa kuna wazo ambalo mwandishi analichukulia kuwa wazi, kwa hivyo halisemi. Njia ya kulipata ni kujaza sentensi hii kwa penseli:

> Kwa sababu [ushahidi], basi [dai], ikiwa tu ni kweli kwamba ______.

Tujaribu na sentensi (6). Kwa sababu barabara zilikuwa wazi matatu zilipozuiwa, basi kaunti izihamishe zote, *ikiwa tu ni kweli kwamba barabara ikiwa wazi, watu husafiri vizuri zaidi*.

Sasa tazama pengo hilo kwa makini. Barabara inaweza kuwa wazi kwa sababu watu wamefika haraka. Inaweza pia kuwa wazi kwa sababu watu waliokuwa ndani ya magari wako kando yake, wanatembea. Matatu ndogo ina viti 14. Gari binafsi mara nyingi lina mtu mmoja au wawili. Ukiondoa matatu kumi mtaani, nafasi inaonekana mara moja kwa anayeendesha, lakini zaidi ya watu mia moja wanahitaji njia nyingine ya kufika kazini. Mwandishi amepima magari na kuhitimisha kuhusu watu. Hapo ndipo daraja lake linapoyumba, na tukio la Desemba 2018 lenyewe linaonyesha hivyo, kwa ile nusu aliyoiacha.

Angalia kwamba hatujasema dai lake ni uongo. Huenda kuhamisha matatu kunafaa, kama vituo vya nje vina mabasi ya kuunganisha abiria na mjini. Tumesema tu kwamba ushahidi huu, peke yake, haufiki kwenye dai hili.

Umefaulu ikiwa sentensi uliyojaza ni jambo linaloweza kuwa kweli au uongo. Kama umejaza "matatu ni mbaya", umerudia dai kwa maneno mengine. Futa, ujaribu tena.

## Hatua ya 6: Tafuta upendeleo, ukianza na maneno

Kalamu ya kijani ndiyo inayotumiwa vibaya kuliko zote. Upendeleo si uongo, na si jina la kumpa kila usiyekubaliana naye. Ni mwelekeo unaomfanya mwandishi aone upande mmoja vizuri na mwingine kwa mbali. Lazima uuonyeshe kwa kidole ndani ya maandishi. Kama huwezi, usiutaje.

Maneno mazito. Andika upya sentensi kwa maneno makavu uone kinachobaki. "Hugeuka uwanja wa vita" inabaki "huwa na msongamano". Katika (2), "aibu" haipati neno kavu la kuchukua nafasi yake, maana ni hukumu tupu. Wekea kijani yote mawili.

Mahali pa kutazamia. Uliza: mwandishi amesimama wapi anapoona haya? Sentensi (3) inajibu: yuko kwenye usukani wa gari lake. Sentensi (2) inawajali wageni. Hakuna sentensi iliyoandikwa kutoka kwenye kiti cha abiria wa kutoka Githurai au Kayole. Huu ni upendeleo wa kweli, na hauna hata neno moja kali ndani yake. Ndiyo maana wasomaji wengi huupita.

Kilichoachwa. Ile nusu ya Desemba 2018 uliyoiandika katika Hatua ya 4 inaingia hapa. Usihesabu kila jambo ambalo hakulitaja. Makala ya gazeti ina nafasi ndogo. Hesabu lile tu ambalo lingebadilisha uzito wa ushahidi wake.

Kumshambulia mpinzani. Sentensi (8) haijibu hoja ya (5). Inamwambia anayepinga kwamba ana nia mbaya. Kijani.

Maslahi. Soma tena maelezo ya chini: "mshauri wa masuala ya uchukuzi". Anamshauri nani? Kaunti? Wenye matatu? Kampuni ya ujenzi wa vituo? Tafuta jina lake kwa dakika kumi. Ukipata jibu la wazi, liandike. Usipopata, usikisie, kumtuhumu mtu katika insha bila ushahidi ni kosa lile lile unalolichunguza.

Kisha jifanyie jaribio moja la haki. Chukua makala ya upande usiokubaliana nao na ya upande unaoupenda, uzipitishe zote katika hatua hii. Kijani kikijaa kwenye moja tu, chunguza kalamu yako kwanza.

## Hatua ya 7: Jaza kadi

Kwenye ile karatasi tupu andika mistari mitano. Yetu ingekuwa hivi:

- Dai: Kaunti ihamishe matatu zote katika vituo vya nje kabla ya mwaka kwisha.
- Ushahidi: safari yake moja (hafifu), wataalamu wasiotajwa (usitumie), Desemba 2018 (una nguvu, lakini nusu).
- Daraja: barabara wazi ni sawa na usafiri bora kwa watu. Lina shaka.
- Upendeleo: anatazama kama dereva; ameacha abiria waliotembea na kusimamishwa kwa agizo; (8) inashambulia nia.
- Nitaitumia kwa: kuonyesha hoja ya wanaounga mkono, na udhaifu wake.

Mstari wa tano ndio unaoamua. Makala ya maoni hufaa kuonyesha kwamba msimamo fulani upo na unatetewa hivi. Haifai kuthibitisha kwamba jambo lilitokea au lina ukubwa fulani. Kwa hilo tafuta habari, ripoti au takwimu. Kama mstari wa tano umebaki mtupu, usiinukuu makala hiyo hata kidogo.

## Hatua ya 8: Nukuu

Hivi ndivyo inavyokosewa:

> Kuondoa matatu mjini kutamaliza msongamano. Gazeti linathibitisha kwamba Desemba 2018 "barabara zilikuwa wazi siku nzima".

Na hivi ndivyo inavyofaa:

> Wanaotaka matatu zihamishwe hutaja marufuku ya Desemba 2018. Mshauri mmoja wa uchukuzi, katika makala ya maoni, anadai kwamba siku hizo "barabara zilikuwa wazi siku nzima". Hata hivyo anaandika kama dereva, na hataji abiria waliotembea mwendo mrefu wala kusimamishwa kwa agizo hilo kabla ya wiki kwisha. Mfano wake unaonyesha kwamba magari yalipungua; hauonyeshi kwamba watu walisafiri vizuri zaidi.

Tazama kitenzi. *Anathibitisha*, *anaonyesha* na *anafichua* vinamaanisha kwamba wewe umekubali. *Anadai*, *anapendekeza*, *anashikilia* vinamwachia mwenyewe mzigo wake. *Anakiri* kiweke kwa sentensi za aina ya (5) pekee, na hata hapo taja kwamba anakiri kabla ya kupinga.

Nukuu maneno machache, kati ya matano na ishirini, na usikate mkia unaobadilisha maana. Kisha andika jina la mwandishi, kichwa cha makala, gazeti, tarehe na ukurasa, kwa mtindo ambao mwalimu wako anautaka.

Mwisho, mpe mwenzako aya yako tu, bila makala, umuulize maswali mawili: nani anayesema haya, na ana ushahidi gani? Akijibu "gazeti" kwa la kwanza, badilisha utangulizi wa nukuu. Akishindwa la pili, rudi Hatua ya 4.